«Nilitaka tu kumutisha»: moto kwa jirani, na namna nia inavyoonekana mbele ya hakimu

Hapa Salamabila nyumba zinakaa bega kwa bega. Ukuta ni wa potopoto, juu ni nyasi au baashi, na wenye bahati ya kuuza dhahabu vizuri wameweka manjanja. Kati ya jikoni ya mama mmoja na chumba cha kulala cha jirani yake mara nyingi hakuna hata hatua tatu. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, nyasi za juu zinakauka kama karatasi, na cheche moja inatosha. Ndiyo maana kila moto ukiwaka kwenye kartie, swali la kwanza kwenye midomo ya watu si «umetoka wapi?». Wanauliza: «Nani amewasha?»

Na jibu linakuja haraka sana. Kama wiki ile mwenye nyumba iliyoungua alibishana na jirani kwa sababu ya mpaka wa parseli, ya deni, ya bwana au ya bibi, basi jirani ndiye. Watu wanaenda kwake na fimbo, nyumba yake nayo inaungua, na kesho kuna familia mbili zinazolala inje. Moto wa vita tumeuona katika Kabambare, lakini leo hatuuzungumzii. Tunazungumza moto wa jirani na jirani, na swali moja tu: sheria inajuaje kama mtu aliwasha kwa kusudi, na kwamba nia yake ilikuwa mbaya?

Tuanze na namna sheria ya inchi yetu inavyopima. Kitabu cha makosa cha Kongo kilitoka tarehe 30 mwezi wa kwanza 1940, na mpaka leo ndicho kinachotumika, ingawa kimerekebishwa mara nyingi. Kifungu cha 103 kinasema kwamba mtu mwenye kutia moto kwenye nyumba ambamo watu wanakaa na wamo ndani wakati ule, anafungwa kuanzia miaka 15 mpaka miaka 20. Kifungu hicho kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: hata kama nyumba si ya kukaa, kama kwa kuangalia hali ilivyokuwa ulipaswa kuwaza kwamba kuna mutu ndani, adhabu ni ile ile. Depo ya makoleo na motopompe ambamo vijana wanalala usiku, kila mtu wa kilimani anajua kama wanalala mule. Huwezi kusema kesho kwamba ulifikiri ni vyombo tu.

Upande mwingine kuna kosa la kuharibu mali ya mwenzako kwa ubaya. Hapo ni kukata ndizi zake, kubomoa rugo lake, kupasua motopompe yake, kuangusha ukuta wake. Adhabu ni ndogo zaidi kuliko ya moto, na kwa kawaida kesi kama hiyo inaingia kwa tribinali ya amani. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa ine 2013 inasema tribinali ya amani inahukumu makosa ambayo adhabu yake haipite miaka mitano. Yenye kupita pale inapanda kwa tribinali kubwa. Kwa hiyo moto kwenye nyumba ya watu si jambo la kumalizia kwa shefu na mbuzi mbili. Shefu anaweza kutuliza watu, anaweza kusaidia kupanga namna ya kulipa hasara, lakini kifungo na makosa si kazi yake. Parke inaweza kufuata kesi hata kama majirani wamekwisha kupatana.

Sasa tuingie kwenye neno lenyewe: nia. Kwa moto, sheria inataka kwanza kujua kama uliwasha kwa kutaka, ukijua unachofanya. Kwa kuharibu mali, sheria inaongeza neno la pekee, «kwa ubaya». Maana yake, haitoshi kwamba ulikata mti. Ulikata ili kumuumiza mwenyewe.

Tuchukue mfano. Tuseme Baba Furaha na Baba Juma wana parseli zenye kupakana, na katikati kuna ndizi sita. Asubuhi moja Baba Juma anazikata zote. Baba Furaha anakimbia polisi. Baba Juma anajibu: «Ni ndizi zangu, mpaka uko kwa ule mwembe.» Hakimu hana mashine ya kufungua kichwa cha mtu. Anaangalia mambo yenye kuonekana. Baba Juma alikata saa ngapi? Kama alikata saa mbili asubuhi, mbele ya watu, akapeleka mikungu kwake bila kujificha, hiyo inafanana na mtu anayeamini kwamba kitu ni chake. Je, kabla ya kukata alikuwa na karatasi ya parseli, au alishuhudiwa na wazee waliopima? Basi pengine alikosea mpaka. Atalipa ndizi, kwa sababu sheria ya madeni inasema mwenye kumuletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha, lakini pengine hataenda gerezani.

Badilisha sasa mambo matatu tu. Juma alikata saa saba ya usiku. Hakubeba mikungu, aliipasua na kuiacha ikioza pale chini. Na juma iliyotangulia shefu alikuwa amekwisha kumwambia, mbele ya mashahidi, kwamba mpaka hauko kwa mwembe. Ndizi ni zile zile, panga ni lile lile, na hasara haikuzidi hata franka moja. Lakini nia imebadilika, na kila mtu anaiona. Ndivyo inavyofanyika: hakimu anasoma nia ndani ya matendo, kama vile mchimbaji anavyosoma njia ya dhahabu ndani ya jiwe. Haoni dhahabu yote, ila anaona alama zake.

Kwa moto, alama hizo ni gani? Tutoe kesi moja ya kweli, ambayo wanasheria wa dunia wanaifundisha mpaka leo. Ilitokea mbali, Uingereza, usiku wa tarehe 15 mwezi wa saba 1972, lakini ukiisikiliza utafikiri ni ya kartie yetu.

Mwanamke mmoja alikuwa na rafiki mwanaume. Mwanaume yule akamgeukia mwanamke mwingine, akataka kumuoa. Wivu ukawaka. Usiku, huyu wa kwanza akachukua esansi kama lita mbili na kidogo, akapanda gari. Kwanza akapitia kwa nyumba ya mwanaume. Akaona gari lake limesimama pale, ndiyo kusema bwana yuko kwake. Kisha akaenda kwa nyumba ya yule mpinzani wake. Mlango ulikuwa na tundu ambalo wenye posta wanapitishia barua. Akamimina esansi mule, akatia gazeti, akawasha kiberiti, akarudi kwake bila kuita mtu yeyote. Mama wa nyumba alitoroka pamoja na mwana wake wa kiume. Mabinti wake wawili walikufa kwa moshi.

Mbele ya waamuzi alisema maneno ambayo tunayasikia hapa kila mara: nilitaka tu kumutisha, ili aondoke mji huu. Sikutaka kuua.

Hebu tuangalie vile korti ilivyoweza kumupima. Esansi haikuwa pale kwa bahati. Aliibeba kutoka kwake. Saa ilikuwa ya watu kulala, na alijua wamelala. Alipita kwanza kuhakikisha kwamba mpenzi wake hayuko ndani ya nyumba itakayoungua. Jambo hilo moja lina uzito kuliko mengine yote: mtu anayehakikisha kwamba fulani hayumo, anajua vizuri kwamba mwenye kuwa mule anaweza kufa. Halafu alitia moto mlangoni, pahali ambapo watu wangetokea. Na alipoona moto unawaka, hakugonga dirisha, hakupiga kelele. Mtu mwenye kutaka kutisha tu, moto ukimpita nguvu, angepiga kelele. Alihukumiwa kwa mauaji, na tarehe 21 mwezi wa tatu 1974 korti ya juu kabisa ya Uingereza ikakubali hukumu hiyo, waamuzi watatu wakiunga mkono na wawili wakikataa. Waingereza baadaye walirekebisha maneno ya sheria yao juu ya nia ya kuua, na sheria yetu si yao. Lakini namna ya kusoma matendo yake inabaki ya kufaa kila pahali.

Tukirudi Salamabila, hakimu na OPJ wanatafuta mambo ya aina ile ile. Moto ulianzia wapi? Moto wa jikoni unaanza jikoni, kwenye mafiga au makala, na unapanda. Moto wa mtu mwenye nia mara nyingi unaanzia inje, kwenye nyasi za pembeni, pahali ambapo hakuna jiko wala mushumaa. Ulianzia pahali pamoja au pawili? Kama upande wa mbele na upande wa nyuma vyote viliwaka wakati mmoja, na upepo hauwezi kueleza jambo hilo, basi mkono wa mtu unafikiriwa. Mlango ulifungwa kwa inje na waya au kamba? Hapo hakuna tena nafasi ya kusema «kutisha». Na mtu akifa, kesi haibaki ya moto peke yake, mambo ya mauaji yanaingia.

Halafu maneno ya mbele. «Utaona!» haina uzito mwingi, kila mtu anasema hivyo akikasirika. Lakini «Kabla ya siku ya soko nyumba yako itakuwa majivu», iliyosemwa mbele ya watu watatu au ikatumwa kwa sauti ndani ya telefone, na nyumba ikaungua kabla ya siku ya soko, hiyo ni nzito. Musifute sauti hiyo, na musiitume ovyo ovyo kwa watu mpaka ipotee. Telefone yenyewe ndiyo inapelekwa kwa OPJ, asikilize, aandike ndani ya peve maneno yale, nambari iliyotuma, siku na saa.

Hapa lazima tuseme pia alama zenye kudanganya, kwa sababu watu wengi wameumia juu yake. Ya kwanza ni esansi. Mahali pengine, mtu kuonekana na chupa ya esansi jioni ni jambo la kushangaza. Kwetu hapana. Kila kundi lenye motopompe linanunua esansi kwa chupa, kila mwenye pikipiki pia. Kusema «tulimuona na chupa» haionyeshi kitu mpaka ujue alienda nayo wapi na kama ilibaki. Ya pili ni alama nyeusi chini. Watu wanaona duara limeungua sana katikati ya chumba, wanasema: hapa walimwaga mafuta. Lakini nyasi za juu zikianguka zikiwaka, au godoro la mousi likiyeyuka, vinaacha alama kama hiyo bila tone moja la mafuta. Ya tatu ni ugomvi wenyewe. Ugomvi unaeleza kwa nini mtu angeweza kutaka. Hauonyeshi kwamba alifanya. Kama ugomvi ungetosha, nusu ya kartie ingekuwa gerezani.

Harufu ya mafuta, ikiwa ipo, inafaa kuandikwa upesi, kwa sababu inaisha. Kama udongo unanuka, chukueni kidogo mbele ya OPJ na mashahidi, mutie ndani ya chupa ya kioo au kopo lenye kifuniko cha kubana. Mfuko wa plastiki mwepesi unaacha harufu kutoka. Hata kama hakuna laboratware karibu, peve yenye kuandikwa asubuhi ile ile, yenye kusema «tumenusa esansi kwenye kizingiti, pamoja na fulani na fulani», ina nguvu kuliko shahidi wa miezi mitatu baadaye anayesema alisikia kwamba kulikuwa harufu. Na kabla OPJ hajafika, musifagie. Kufagia majivu ni kufagia kesi.

Kuna pia moto usio na nia. Mama amesahau makala, kijana amelala na mushumaa, mulimaji amechoma shamba lake na upepo ukachukua moto mpaka kwenye nyumba ya mwingine. Sheria haisemi kwamba hao hawana kosa. Mtu aliyeleta moto kwa mali ya mwenzake kwa kukosa uangalifu anaweza kuhukumiwa, lakini adhabu yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ile miaka 15, na hasara atailipa. Tofauti iko kwenye alichofanya mbele na nyuma. Mulimaji aliyekata njia ya kuzuia moto, akajulisha majirani, akaja na watu kuuzima, hafanani na yule aliyewasha upande wa upepo wa nyumba ya mtu waliyegombana naye, halafu akaketi kuangalia.

Na watoto? Mwaka 2000, tena Uingereza, watoto wawili wa miaka 11 na 12 waliwasha magazeti nyuma ya duka usiku, wakayaacha chini ya pipa la takataka, wakaenda. Waliwaza yatazimika yenyewe kwenye simenti. Moto ukapanda mpaka kwenye duka, hasara ikafika karibu milioni moja ya pesa zao. Mwaka 2003 korti ya juu ikafuta hukumu yao. Sababu: huwezi kumupima mtoto kwa akili ya mutu mzima; lazima kuuliza yeye mwenyewe alijua hatari gani. Kwetu sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kulinda mtoto inampeleka mwenye chini ya miaka 18 mbele ya tribinali ya watoto, si ya watu wazima. Lakini wazazi wakumbuke: baba na mama wanaweza kuulizwa kulipa kilichoharibika.

Tumalizie na jambo linalotuuma zaidi. Moto ukizimika, vijana wanasema: «Tunamujua, twende kwake.» Wakimkosa, wanachoma kwa mama yake au kwa ndugu yake. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema wazi kwamba kosa ni la mtu mwenyewe. Hakuna anayefuatwa wala kufungwa kwa tendo la mwingine. Na sasa tazama namna tulivyosema nia inasomwa: usiku, kwa kundi, na esansi mukononi, mukijua kuna watu ndani, mukisema kwa sauti «tuichome». Hakuna alama moja inayokosekana. Yule wa kwanza pengine hakuwasha kitu, pengine ni makala ya jikoni. Ninyi mumeonyesha nia yenu mbele ya kartie nzima.

Mwenye kushukiwa apelekwe polisi akiwa mzima. Katiba ile ile, kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumzuia kupita saa 48. Baada ya pale anaachiliwa au anatolewa mbele ya wenye sheria. Saa hizo 48 ni fupi. Ndiyo maana mashahidi wafike siku ile ile, si baada ya matanga. Kila shahidi aseme alichokiona kwa macho yake: nilikuwa wapi, niliona moto ukianzia wapi, nilimuona nani, alikuwa anakimbia kwenda au kuja, alibeba nini, alisema nini. «Kila mtu anajua ni yeye» haiandikwe, kwa sababu mbele ya hakimu haina uzito. Na mambo yakibaki na mashaka, mashaka yanamfaa mwenye kushitakiwa. Inauma kwa aliyeunguliwa, tunajua. Lakini siku ile midomo ya kartie itakapokutaja wewe, utataka sheria hiyo iwe bado imesimama.